"Alichukua kisu akakata kamba": je, huu ni mfululizo wa vitenzi?

"Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba Kiyoruba na Kichina vina vitenzi mfululizo, yaani vitenzi viwili au vitatu vinavyofuatana vikaeleza tendo moja. Mimi naona hata Kiswahili kinavyo, mfano 'alichukua kisu akakata kamba' na 'alikuwa anataka kwenda kununua'. Mwenzangu anabisha, anasema hivyo ni vitenzi sambamba tu. Nani yuko sahihi, na nitavitambuaje?"

Marahaba. Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ila jina alilolitumia linafaa kwa sentensi yako ya pili tu. Hizo sentensi mbili ni miundo miwili tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja ambao ni mfululizo kwa maana wanayoikusudia wanaisimu. Ili uone kwa nini, tuutazame kwanza mfululizo katika lugha inayoutumia kila siku, halafu turudi kwenye kisu chako na kamba yako.

Kiyoruba kinatosha. Mtu akitaka kusema kwamba Ade alileta kitabu, husema hivi:

Adé mú ìwé wá.

Ukifuata neno kwa neno, hapo pana Ade, kisha "chukua", kisha "kitabu", kisha "ja". Vitenzi ni viwili, mú na wá, na kila kimoja ni kitenzi kamili chenye maisha yake. Unaweza kusema Adé mú ìwé, ukimaanisha Ade alichukua kitabu, au Adé wá, ukimaanisha Ade alikuja. Vinapokutana katika sentensi moja, hakuna "na" kati yao, hakuna "kisha", hakuna kiambishi cha kuunganisha, na Ade hatajwi mara ya pili. Matokeo yake ni tendo moja, kuleta.

Sasa linganisha na sentensi hii:

Adé mú ìwé, ó sì wá.

Vitenzi ni vilevile, mtu ni yuleyule na kitabu ni kilekile. Kilichoongezeka ni ó, ambacho ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu, na sì, kiunganishi kinachokaa baada ya kiima. Maana yake ni kwamba Ade alichukua kitabu, naye akaja. Tofauti hii si ndogo. Katika sentensi ya pili Ade anaweza kuwa alichukua kitabu, akakiacha kwa jirani, halafu akaja mikono mitupu, na bado hukudanganya mtu. Katika ile ya kwanza huwezi kusema hivyo, kwa sababu kitabu nacho kimefika. Ukitaka kumwonyesha mtu mfululizo ni nini bila fasili ndefu, mpe jozi hii.

Kutokana na jozi hiyo tunapata vipimo, na kilicho kikali kuliko vyote ni ukanushi. Kikanushi cha Kiyoruba ni kò, na mfululizo huchukua kimoja tu:

Adé kò mú ìwé wá.

Ade hakuleta kitabu. Angalia kilichokanushwa. Sentensi haisemi kwamba Ade hakuja. Anaweza kuwa amekaa hapa mbele yetu. Wala haisemi kwamba hakukigusa kitabu. Inakanusha furushi zima la kuchukua na kuja nacho. Ndivyo tunavyojua kwamba ni furushi. Njeo nayo hufuata mkondo huohuo: ukitaka wakati ujao, utaweka yóò mara moja mbele ya kitenzi cha kwanza, Adé yóò mú ìwé wá, na yóò hiyo itavifunika vyote viwili. Huwezi kukiweka kitenzi kimoja jana na kingine kesho.

Kipimo cha pili kinatazama kama unaweza kukitoa kitu ndani ya sentensi na kukipeleka mbele ili ukitilie mkazo. Kiyoruba hutumia ni kwa kazi hiyo: Ìwé ni Adé mú wá, yaani ni kitabu alicholeta Ade. Kitabu ni shamirisho la mú, kimerukia mbele, na wá imebaki nyuma imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika ile sentensi yenye ó sì ruka hii haifanyi kazi. Vishazi viwili vilivyounganishwa havikuruhusu kuchomoa kitu katika kimoja na kukiacha kingine kikielea.

Usidhani kwamba haya ni ya Kiyoruba peke yake. Mthai anayeleta kitabu naye husema khao ao nangsue ma, yaani yeye, chukua, kitabu, ja, ingawa lugha hizo mbili hazina ukoo wowote. Muundo huu umeenea Afrika Magharibi, Asia ya Kusini-Mashariki, Papua New Guinea na katika baadhi ya lugha za krioli za Karibea. Kikalam cha Papua New Guinea kimefika mbali zaidi: kina mizizi ya vitenzi takriban 130 tu, kwa hiyo jambo ambalo sisi tungelieleza kwa kitenzi kimoja, kama kutafuta kuni, wao hulifumua katika mlolongo wa kwenda, kupiga, kuchukua, kuja na kuweka.

Turudi kwako. Sentensi yako ya kwanza ina mwenzake Kiyoruba, na wamefanana kiasi kwamba sishangai umevutwa nayo:

Adé fi ọ̀bẹ gé okùn.

Hapo pana Ade, fi (kutumia), kisu, kata, kamba. Yaani Ade alikata kamba kwa kisu. Mchina hujenga sentensi kama hii kwa kitenzi cha kushika: shika kisu, kata kamba. Kwa hiyo mtu akiona "alichukua kisu akakata kamba" huona vitenzi viwili, mtendaji mmoja, kifaa, kitu kinachokatwa, na hudhani amefika. Mpe vipimo.

Kanusha kwanza. Kiyoruba kitaweka kò moja, Adé kò fi ọ̀bẹ gé okùn, na maana itakuwa kwamba hakukata kamba kwa kisu. Pengine aliikata kwa panga. Jaribu Kiswahili: "Hakuchukua kisu akakata kamba." Soma kwa sauti. Msikilizaji atasita, na akilazimishwa kuielewa ataelewa kwamba kisu hakukichukua lakini kamba alikata vivyo hivyo. Ukanushi umeishia kwenye kitenzi cha kwanza, haukuvuka. Ukitaka uvuke lazima uutamke tena: "hakuchukua kisu wala hakukata kamba." Na ukitaka kuvitenganisha, hakuna wa kukuzuia: "alichukua kisu lakini hakukata kamba." Tendo moja haligawanyiki hivyo.

Jaribu wakati. "Alichukua kisu jioni, kesho yake asubuhi akakata kamba." Ni Kiswahili safi. Jaribu kubadilisha mtendaji: "Alichukua kisu, Juma akakata kamba." Safi pia. Halafu weka nukta: "Alichukua kisu. Akakata kamba." Mwandishi wa hadithi anaweza kuanza aya nzima kwa "Akakata" na msomaji asikose lolote. Ukiweza kupitisha siku nzima, mtu mwingine na nukta katikati ya vitenzi viwili, basi una vishazi viwili.

Kinachokuchanganya hapa ni -ka-, na hili nalielewa. -ka- haina wakati wake yenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia. "Akakata" peke yake haikuambii ni lini, mpaka "alichukua" ikuambie. Kwa hiyo vitenzi hivi vinaegemeana kweli. Lakini kuegemeana kwa wakati ni jambo moja, na kuwa kishazi kimoja ni jambo jingine. -ka- inasema "na baada ya hapo", na hicho ni kiunganishi kilichovaa nguo za kiambishi. Katika mfululizo halisi nafasi hiyo huwa tupu. Isitoshe, kila kitenzi cha Kiswahili hapo kimebeba kiambishi chake cha nafsi, a- ya kwanza na a- ya pili, ndiyo maana Juma aliweza kuingia bila shida.

Basi Kiswahili hulisemaje tendo lile moja? Hapa ndipo pana utamu wa jambo lenyewe, na ni sehemu inayorukwa mara nyingi madarasani. Kazi ambayo Kiyoruba hukipa kitenzi cha pili, Kiswahili hukipa kihusishi au, mara nyingi zaidi, kinyambulishi kilicho tumboni mwa kitenzi chenyewe.

Chukua kifaa. Kiyoruba: fi ọ̀bẹ gé. Kiswahili: "alikata kwa kisu", au kwa kauli ya kutendea, "kisu alichokatia kamba". Hiyo -i- ya "katia" inafanya kazi ya fi. Chukua mnufaika. Kiyoruba husema Ó ra ìwé fún mi, yaani yeye, nunua, kitabu, fún, mimi, na fún ni kitenzi cha kupa: alinunua kitabu akanipa, ila kama tendo moja. Kiswahili: "alininunulia kitabu". Kitenzi kizima cha kupa kimelala ndani ya -li- ya mwisho, ile ya "nunulia". Chukua tokeo. Kiyoruba husema Adé ti Òjó ṣubú, yaani Ade, sukuma, Ojo, anguka, na kila msikilizaji anajua aliyeanguka ni Ojo, kwa kuwa shamirisho la kitenzi cha kwanza ndilo mtendaji wa cha pili. Kiswahili: "Ade alimwangusha Ojo", kauli ya kutendesha. Ukikataa unyambulishaji ukasema "Ade alimsukuma Ojo akaanguka", umerudi kwenye -ka-, na sasa sarufi peke yake haikuambii ni nani aliyeanguka. Akili ya kawaida inamchagua Ojo, lakini Ade akiwa amelewa, a- ya "akaanguka" inaweza kuwa yake.

Ndiyo sababu mfululizo ni adimu katika lugha za Kibantu. Lugha ambayo vitenzi vyake havina mikia hujaza nafasi hiyo kwa vitenzi vingine. Yenye mikia mingi haina haja kubwa. Si sheria isiyovunjwa, lakini ni mwelekeo ambao ukiukumbuka utakusaidia kutabiri.

Sentensi yako ya pili nitaipitia haraka. "Alikuwa anataka kwenda kununua" ni vitenzi sambamba, kama alivyosema mwenzako, na ukiichambua utaona vitu viwili ndani yake. "Alikuwa" haiongezi tendo lolote. Inaweka wakati tu, na hicho ni kitenzi kisaidizi. Katika mfululizo kila kitenzi huleta sehemu yake ya tukio. "Kwenda" nayo, yenye ku-, imekaa mahali pa nomino. Unaweza kuiondoa ukaweka "maji" na sentensi ikasimama: "alikuwa anataka maji." Kitenzi unachoweza kukibadilisha kwa nomino ni kijalizo cha kitenzi kilichotangulia, wala hakifanyi naye tendo moja. Na "kwenda kununua" ni safari yenye kusudi: "alikwenda kununua dawa, hakuipata" ni sentensi ya kweli kabisa. Huwezi kumleta Ade na kitabu chake, mú ìwé wá, halafu useme hakufika.

Kuna mtego mmoja katika kutumia vipimo. Usiamini kwamba ukanushi lazima uonekane mara moja tu kila mahali. Katika Kitwi cha Ghana, ambacho wasomi waliandika kuhusu mifululizo yake tangu karne ya 19, alama ya ukanushi huwekwa kwenye kila kitenzi cha mfululizo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba ukanushi ni mmoja atavitupa vitenzi hivyo nje, na atakuwa amekosea. Swali sahihi ni kama unaweza kukanusha kimoja na kuacha kingine. Katika Kitwi huwezi: ama vyote vimekanushwa, ama hakuna. Alama inarudiwa, lakini uamuzi ni mmoja. Kwa Kiswahili tumeona kwamba unaweza, "alichukua lakini hakukata", na hapo ndipo tofauti ilipo.

Sasa nikupe kitu cha kumrudishia mwenzako, kwa sababu naye anajiamini kupita kiasi. Kiswahili kina mahali pamoja ambapo kinaukaribia mfululizo kwa kiasi cha kutia shaka. Tazama "usije ukasahau". Vitenzi ni viwili, kuja na kusahau. Ukanushi uko kwenye cha kwanza tu, usi-, na "ukasahau" kwa umbo ni yakinishi. Lakini unaambiwa nini? Unaambiwa usisahau. Ukanushi umevuka kutoka "usije" ukaifikia "ukasahau", kitu ambacho "hakuchukua kisu akakata kamba" kilishindwa kufanya. Weka muda katikati: "usije leo ukasahau kesho" haisemeki kwa maana hiyo. Weka nukta: "Usije. Ukasahau." Imekufa. Weka mtu mwingine: "usije Juma akasahau" haina mwelekeo, utalazimika kusema "Juma asije akasahau", nafsi zote mbili zibadilike pamoja. Vipimo karibu vyote vimepita!

Hata hivyo mimi siuiti muundo huu mfululizo, kwa sababu mbili. Kwanza, "kuja" hapo haina mwendo wowote. Mtu aliyelala kitandani anaweza kuambiwa "usije ukasahau" bila kuhamia popote. Kitenzi kimepoteza mzigo wake kikageuka chombo cha tahadhari, njia ileile iliyopitwa na "kwisha" katika "amekwisha kula", ikawa "amekwishakula", ikawa "ameshakula", mpaka leo "sha" ni silabi tu ndani ya kitenzi kingine. Pili, -ka- bado ipo. Imechoka, haisemi tena "baada ya hapo", lakini ipo. Wapo wanaisimu wenye fasili pana wanaokubali kitenzi kimoja cha mfululizo kiwe kimepoteza uzito wake, hasa vitenzi vya kwenda na kuja, na hao wangeweza kuupokea muundo huu kwa masharti. Mwenye fasili finyu, inayodai pasiwe na kiunganishi chochote, ataukataa. Mimi nipo upande wa fasili finyu, kwa sababu pana ikilegezwa kidogo tu itaingiza nusu ya sarufi ya Kiswahili.

Utaulizwa pia kuhusu amri kama "njoo chukua kitabu chako", ambazo hazina -ka- wala ku- wala "na". Zinaonekana safi kuliko mfano wowote uliopita. Zigeuze ziwe za watu wengi: "njooni chukueni vitabu vyenu." Kila kitenzi kimedai -ni yake, lakini hilo peke yake lisikutishe, tumeshaona Kitwi kikirudia alama. Kinachoamua ni ukanushi. "Usije chukua" haipo kwa maana ya kumkataza mtu kuja kuchukua. Utasema "usije kuchukua", na ku- imerudi, au "usije, usichukue", na sasa ni makatazo mawili. Vitenzi viwili vilivyokaa bega kwa bega katika amri vimetengana mara tu ulipovikanusha, kwa hiyo hizo ni amri mbili zilizotolewa kwa pumzi moja.

Mwalimu wako akikupa sentensi ngeni, anza na ukanushi kabla ya kingine chochote. Ukanushi ukikataa kuvuka, usijisumbue na vipimo vilivyobaki. Ukivuka, uliza kama kila kitenzi bado kina maana yake ya asili, kisha tafuta kama kuna kitu kilichojificha kati yao, hata kama ni silabi moja.